Kugawa -nge- kwa Kihispania: wapi -ra, wapi -ría

Kwa Kiswahili, jambo ambalo halipo unalisema kwa kiambishi kimoja, na unakitia pande zote mbili: ningekuwa na mashua, ningekupeleka Wasini. Upande wa sharti -nge-, upande wa tokeo -nge-, kazi imekwisha. Kihispania hakikubali hivyo. Upande wenye neno si, yaani "kama", kinataka umbo moja la kitenzi, na upande wa tokeo kinataka jingine kabisa. Ndiyo sababu waongoza watalii wengi hapa Mombasa, hata wale ambao Kihispania chao kinateremka bila kukwama, utawasikia wakisema:

Si tendría una lancha, te llevaría a Wasini.

Mgeni ataelewa. Hatauliza kitu. Lakini kosa liko palepale kwenye tendría, kwa sababu msemaji amebeba mazoea ya -nge- akayagawa sawa kwa sawa. Sentensi inayotakiwa ni hii:

Si tuviera una lancha, te llevaría a Wasini.

Vitabu vya sarufi huliita umbo la kwanza imperfecto de subjuntivo na la pili condicional. Majina hayo yajue ili uweze kuyatafuta, lakini hapa nitasema tu umbo la -ra na umbo la -ría, maana ndivyo yanavyosikika masikioni. Nachukulia kwamba wakati uliopo na wakati uliopita wa Kihispania unaujua tayari. Kama wakati uliopita bado unakusumbua, rudi kwanza huko, kwa kuwa umbo la -ra linachongwa kutoka humo.

Na jambo moja kabla hatujaanza. Kaskazini mwa Hispania, pande za Burgos, La Rioja na Nchi ya Wabaski, wapo wenyeji wanaosema si tendría bila wasiwasi wowote. Ukimsikia mgeni kutoka Bilbao akisema hivyo, usimsahihishe na wala usimwige. Ni lafudhi ya kwao, shule za kwao wenyewe huipinga, na wewe ukiisema utaonekana umekosea tu.

Hatua ya kwanza: ni -ki- au ni -nge-?

Kabla ya kugusa kitenzi chochote, isikilize sentensi yako kwa Kiswahili. Ukiwa na -ki-, jambo linawezekana, na Kihispania kinachukua wakati uliopo wa kawaida baada ya si, hata kama unazungumzia kesho. Mvua ikinyesha, tutabaki hotelini: Si llueve, nos quedaremos en el hotel. Hapo hakuna -ra wala -ría. Pia usiweke wakati ujao baada ya si. Si lloverá haipo katika sentensi ya namna hii.

Ukiwa na -nge-, jambo halipo au hulitarajii, na ndipo jozi yetu inapoingia. Mvua ingenyesha, tungebaki hotelini: Si lloviera, nos quedaríamos en el hotel.

Tofauti hii ina uzito kazini. Chukua mgeni anayeuliza kama kesho kuna safari ya baharini, na nahodha wako hajathibitisha. Ukimwambia Si viene el capitán, saldremos a las ocho, amesikia kwamba nahodha akija, saa mbili asubuhi mnaondoka, na atajiandaa. Ukimwambia Si viniera el capitán, saldríamos a las ocho, amesikia kwamba wewe mwenyewe huna tumaini na huyo nahodha. Atakwenda kutafuta mashua nyingine, na hutajua ulimpotezea wapi. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, lakini zinatangaza biashara mbili tofauti.

Angalia pia kwamba Kiswahili kinaweza kuacha "kama" kabisa. Mvua ingenyesha, inatosha, kwa sababu -nge- yenyewe imebeba sharti. Kihispania hakina nafasi hiyo. Neno si lazima litamkwe, na liandikwe bila alama juu ya i, kwani sí yenye alama ni "ndiyo".

Hatua ya pili: kuchonga umbo la -ra

Hapa ndipo watu hupotea, na hupotea kwa sababu moja: wanaanza na jina la kitenzi. Wanaona tener, wanasema tenera. Wanaona poder, wanasema podera. Usiguse jina la kitenzi. Anza na nafsi ya "wao" katika wakati uliopita, kata -ron ya mwisho, kisha weka -ra.

"Walikuwa nacho" ni tuvieron. Kata -ron, inabaki tuvie-. Ongeza viishio:

yo tuviera
tú tuvieras
él, ella, usted tuviera
nosotros tuviéramos
vosotros tuvierais
ellos, ustedes tuvieran

Kanuni hii haina kitenzi kinachoikiuka, hata kimoja. Ugumu wote uko kwenye kuijua "wao" ya wakati uliopita, na hiyo unaihitaji hata hivyo kila unaposimulia jambo. Vile vitenzi vinavyorudi kila siku mdomoni ni hivi:

estar: estuvieron, estuviera
poder: pudieron, pudiera
hacer: hicieron, hiciera
venir: vinieron, viniera
saber: supieron, supiera
querer: quisieron, quisiera
decir: dijeron, dijera
ser na ir: fueron, fuera
haber: hubieron, hubiera

Vitenzi vya kawaida havina shida: hablaron inatoa hablara, comieron inatoa comiera. Vile vinavyobadilisha irabu katikati hubaki na badiliko lao. Pedir ni pidieron, kwa hiyo pidiera. Dormir ni durmieron, kwa hiyo durmiera. Na llover, ambayo haina "wao" kwa sababu mvua haina wingi, unaichonga kana kwamba ingekuwa nayo: lloviera.

Dijera itazame vizuri. Wengi huandika dijiera, kwa kufuatisha tuviera na hiciera. Lakini dijeron haina i baada ya j, basi na dijera haina. Ni hivyohivyo kwa traer: trajeron, trajera. Ukikwama, tamka "wao" yake kwa sauti kwanza. Hiyo j ya Kihispania si ngeni kwa mtu wa pwani, ni kama kh ya kheri.

Umeona pia kwamba yo na ella zinafanana kabisa? Kwa Kiswahili ni- na a- hutenganisha: ningekuwa, angekuwa. Katika umbo la -ra hakuna kinachotenganisha, na katika -ría ni vivyo hivyo. Wahispania kwa kawaida huacha kutaja nafsi, lakini hapa ikiwa msikilizaji anaweza kuchanganya, itaje. Si yo tuviera tiempo, si ella tuviera tiempo.

Utakutana na umbo la pili lenye -se: tuviese, fuese, pudiese. Maana ni ileile, linachongwa kutoka palepale, na katika upande wa sharti linaweza kukaa badala ya -ra. Lisome, lielewe, lakini usijisumbue kulisema. Ukishika -ra, unaelewana na Mmeksiko, Muargentina na mtu wa Madrid bila tatizo.

Hatua ya tatu: umbo la -ría

Hili ni jepesi. Chukua jina zima la kitenzi, usikate kitu, ongeza -ía: llevar, llevaría, comer, comería, ir, iría. Viishio ni vilevile kwa vitenzi vyote: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían.

Visivyofuata ni vichache, kama kumi na viwili hivi, na vinabadilika shina tu, viishio havibadiliki. Tener ni tendría, venir ni vendría, salir ni saldría, poner ni pondría, valer ni valdría. Poder ni podría, saber ni sabría, haber ni habría, caber ni cabría, querer ni querría. Hacer ni haría na decir ni diría. Kama unajua wakati ujao wa vitenzi hivi, tayari unajua mashina yake, maana ni yaleyale.

Angalia querría tu. Yenye r mbili ni "ningetaka", yenye r moja, quería, ni "nilikuwa nataka". Ulimi wetu hauna mazoea ya kuikaza r, kwa hiyo hapo kaza mpaka uhisi ulimi unatetemeka.

Hatua ya nne: kuunganisha, tukitumia mfano mmoja

Tuseme umewapokea wageni wa Meksiko walioshuka melini Kilindini asubuhi. Umewatembeza Mji wa Kale, meli yao inang'oa nanga saa kumi na moja jioni, na sasa saa inakimbia. Wanakuuliza ng'ambo ile ni wapi. Unataka kuwaambia: Tungekuwa na saa mbili zaidi na jua lisingekuwa kali hivi, tungevuka kwa feri hadi Likoni, tukala samaki, na nyinyi mngeonja madafu.

Tafuta sharti kwanza, tena hesabu vitenzi vyake. Viko viwili: tungekuwa na, lisingekuwa kali. Vyote viwili viko chini ya si moja, kwa hiyo vyote viwili vinachukua -ra. Tener: tuvieron, tuvie-, nosotros, tuviéramos. Kuhusu jua, Kihispania husema linapiga, pegar: pegaron, pega-, pegara. Ukanushaji ni no mbele ya kitenzi tu, hakuna cha -singe-.

Si tuviéramos dos horas más y el sol no pegara tan fuerte,

Sasa tokeo. Vitenzi ni vitatu, na hapa Kiswahili kinakutega. Sisi tukishasema tungevuka, kitenzi kinachofuata tunakiachia -ka-: tukala. Kihispania hakina -ka- ya kukuokoa. Kila kitenzi cha tokeo kinavaa -ría yake: cruzar, cruzaríamos, comer, comeríamos, probar, probarían.

cruzaríamos a Likoni en el ferry, comeríamos pescado y ustedes probarían el agua de coco.

Ukitanguliza tokeo, maumbo hayabadiliki: Cruzaríamos a Likoni si tuviéramos dos horas más. Mkato unaondoka, na -ra inaendelea kukaa karibu na si yake. Usiangalie ipi imetangulia katika sentensi, angalia ni kitenzi gani kiko chini ya si.

Mwanafunzi mmoja, dada anayefanya kazi mapokezi ya hoteli, aliniuliza: "Mwalimu, na nikisema si tuviéramos, cruzáramos, -ra zote mbili, si itakuwa kama -nge- -nge- yetu?" Hapana, dada yangu. Hilo ni kosa la upande wa pili. Kihispania cha leo hakipokei cruzáramos katika tokeo. Isipokuwa hubiera, na hiyo tutaifikia.

Mkazo wa "sisi"

Maumbo mengi ya jozi hii yanatuangukia vizuri mdomoni, kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na haya nayo ni hivyo: tu-VIE-ra, pu-DIE-ran, cru-za-RÍ-a. Mswahili huyatamka sawasawa bila kufundishwa. Yanayovunjika ni ya nosotros. Hapo Kihispania hakiusogezi mkazo, bali huuacha palepale ulipokuwa, na -mos inafuata nyuma yake: tu-VIÉ-ra-mos, cru-za-RÍ-a-mos. Sisi ulimi unauvuta mbele wenyewe, tunasema tuvieRAmos, cruzariAmos, na mgeni anakunja uso kidogo akitafuta hilo ni neno gani.

Dawa yake ni kutamka umoja kwanza, ukatulia, kisha ukabandika -mos bila kuugusa mkazo. tuVIEra, tuVIEra-mos. cruzaRÍa, cruzaRÍa-mos. Fanya hivyo kwa fuéramos, pudiéramos, estuviéramos, na iríamos, ambayo ndiyo hupotea kuliko zote kwa ufupi wake. Katika kuandika, umbo la -ra la nosotros daima lina alama ya mkazo, na -ría ina alama juu ya í katika nafsi zote.

Alama hiyo si pambo. Comprara ni umbo letu la sharti, comprará yenye mkazo mwishoni ni "atanunua". Ukiandikiana na mteja kwa simu na kuacha alama, si comprara kwa kawaida ataielewa kutokana na si. Lakini ukimwandikia Ella comprara el billete, hatajua ulikusudia nini.

Pale -nge- inapozungumzia jana

Sasa kuna mtego ambao unatoka kwenye Kiswahili cha mitaani wenyewe. Kwa sarufi ya shule, -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya jambo lililokwisha pita. Lakini sikiliza watu wanavyoongea Kongowea sokoni: Ungeniambia jana, ningeleta mashua kubwa. Jana imepita, mashua haikuletwa, na bado ni -nge-. Hakuna anayeshangaa, kwa sababu neno jana limeshafafanua kila kitu.

Ukiibeba sentensi hiyo ilivyo, utasema si me lo dijeras ayer, traería una lancha más grande, na Mhispania atasita, kwa sababu umbo la -ra hapa linatazama sasa au mbele, na ayer inavuta nyuma. Kwa jambo lililokwisha pita, jozi inavaa haber pande zote mbili:

Si me lo hubieras dicho ayer, habría traído una lancha más grande.

Hubieras ni -ra ya haber, habría ni -ría ya haber, kwa hiyo mgawanyo ni uleule. Kilichoongezeka ni dicho na traído, vitenzi vyenyewe katika umbo la kilichokwisha kutendeka. Na hapa ndipo lile tokeo la -ra linaporuhusiwa: hubiera traído inakubalika badala ya habría traído, na utaisikia sana.

Njia ya kujikagua: jaribu kuweka -ngali- mahali pa -nge-. Ungaliniambia jana, ningalileta mashua. Ikikaa bila kukwaruza, nenda na hubiera. Ningalikuwa na mashua sasa hivi, ningalikupeleka sasa hivi, hiyo inakwaruza, basi baki na tuviera.

Mara nyingine sharti liko zamani na tokeo liko leo, na kila upande unafuata wakati wake. Mfano mzuri uko Ngome ya Yesu. Wareno waliianza mwaka 1593, kwa amri ya Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno, jambo ambalo wageni wa Hispania hupenda kulisikia. Waomani waliizingira tangu 1696 wakaiteka 1698. Unaweza kuwaambia:

Si los omaníes no hubieran tomado el fuerte en 1698, quizá hoy hablaríamos portugués aquí.

Kutekwa kulikwisha zamani, basi hubieran tomado. Kuzungumza Kireno kungekuwa leo, basi hablaríamos, bila haber. Ukisema habríamos hablado hapo, umewaambia kwamba tungekizungumza kisha tukaacha.

Pale si inapokubali -ría

Baada ya haya yote utasikia mwenyeji wa Madrid, wala si wa Burgos, akisema No sé si vendría, na utadhani umedanganywa. Hujadanganywa. Neno si hapo haliweki sharti. Linatokana na kuuliza au kutojua: sijui kama angekuja. Kiswahili nacho kinatumia "kama" kwa kazi zote mbili, ndiyo maana hatuioni tofauti haraka. Tazama kitenzi kilichotangulia. Kikiwa ni cha kujua, kutojua au kuuliza, no sé, me preguntó, quiero saber, kinachofuata neno si ni swali lililofichwa, na -ría inaruhusiwa.

Mgeni akikuuliza kama watoto wangependa kuvuka kwa feri, swali lake likiripotiwa litakuwa Me preguntó si a los niños les gustaría cruzar en el ferry. Gustaría iko sawa kabisa. Lakini ukimjibu kwa sharti lako mwenyewe, unarudi kwenye -ra mara moja: Si a los niños les gustara el mar, cruzaríamos ahora mismo.